Tutalia Ijumaa Saa Nane Asubuhi

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na simu. Mtu akikukosea unamwita pembeni mnayamaliza. Simu inakukosea huku inakusaidia, na msaada wenyewe hukuuomba.

Jumatano iliyopita niko kwenye daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Bosi kanipigia: mwandikie yule mzee wa duka la steshenari, sasa hivi, na nakala niione. Nikaandika kwa dole gumba moja. Barua pepe niliyoikusudia ilikuwa hii:

"Shikamoo Mzee. Natumaini mashine ya fotokopi imekufaa. Kuhusu pesa yako ya usafiri, shilingi 180,000, tutalipa Ijumaa saa nne asubuhi."

Barua fupi, ya heshima, haina tatizo. Nikabonyeza tuma, nikarudisha simu mfukoni, nikajiona mfanyakazi. Iliyofika kwa Mzee, na kwa bosi, ni hii:

"Shampoo Mzee. Natumaini mashine ya fotokopi imekufa. Kuhusu pesa yako ya usafiri, shilingi 180,000, tutalia Ijumaa saa nane asubuhi."

Mzee hakuchelewa kujibu. "Marahaba mwanangu, na mimi nakusalimu kwa sabuni ya mche. Mashine haijafa, na sijui kwa nini unaiombea. Mkitaka kulia njooni tulie wote, ila hela yangu mje nayo. Na hiyo saa nane asubuhi ni ya nchi gani?"

Bosi yeye aliandika neno moja tu: "Njoo."

Ofisini nikamlaumu mtandao, nikalaumu barabara, nikamlaumu konda aliyekuwa anasema "sogea nyuma" kila nikigusa herufi. Kijana wetu wa kompyuta akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekunywa dawa ya mwenzake. Akasema, "Kaka, lete simu." Akafungua pale pale, tukaandika tena neno moja moja, makosa yangu yakiwemo. Ndipo nikaona mchezo wote.

Kumbe ile simu haisubiri umalize sentensi. Inasubiri ugonge kitufe cha nafasi. Ukikigonga tu, neno ulilomaliza inalipima na kamusi yake, na kama halimo inachukua jirani linalofanana nalo na kulibandika. Dole langu lilitaka p likagonga o, kwa sababu zimekaa bega kwa bega. Nikawa nimeandika "tutalioa". Neno hilo halipo popote, hata Mbagala. Majirani wake wawili ni tutalipa na tutalia. Simu ikachagua kilio.

"Imekufaa" nayo ndivyo hivyo hivyo: a ya mwisho niliikosa nikagonga s iliyo pembeni yake, ikawa "imekufas". Simu ikaona ile s ni takataka, ikaifagia, mashine ya watu ikafa. "Nne" niliiwekea n tatu, basi liliporuka tuta. Ikaniundia nane. Na "shkamoo" yangu ya haraka haraka, kwa kuwa kibodi ilikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyonona na ya Kiswahili iliyokonda, ikapelekwa saluni.

Lakini kilichoniuma hasa si kubadilishwa. Kilichoniuma ni kwamba kabla ya kutuma niliitupia jicho ile barua, naapa, na sikuona kitu! Nilikuwa nimezoea kwamba kosa lina mstari mwekundu chini yake. Sasa "tutalioa" ingebaki vile vile ingepigwa mstari, ningeiona, na hata Mzee angeelewa kuwa kidole kimeteleza. Ila "tutalia" ni Kiswahili safi. "Imekufa" ni Kiswahili safi. Simu ilichukua makosa yangu ya kitoto ikayavalisha suti. Mstari mwekundu haujui ulitaka kusema nini, unajua tu kama neno limo kwenye kamusi.

Na jicho la mwenye barua ndilo baya kuliko yote, maana linasoma kilichomo kichwani. Kijana akanifundisha niisome kuanzia sentensi ya mwisho kurudi juu, ili kichwa kisipate mteremko wa kukimbilia. Nikaanza na ya mwisho, "tutalia Ijumaa saa nane asubuhi", na pale pale nikastuka. Kuna saa nane mchana na kuna saa nane usiku. Saa nane asubuhi hajawahi kuiishi mtu. Siku hizi saa naziandika kwa tarakimu, saa 4 asubuhi, maana simu yangu tarakimu haizigusi. Ile 180,000 ndiyo pekee iliyosalimika katika barua nzima.

Nikikosa muda wa kusoma yote, nasoma vitenzi peke yake. Kiswahili chetu kimebeba mzigo wote humo: nani, lini, na kama ni ndiyo au hapana. Ikidondoka "ha" moja, "hatutaleta" inakuwa "tutaleta", na mteja anakaa dukani kwake akisubiri mzigo ambao haupo.

Kijana akabonyeza koma kwa muda mrefu, ikatokea alama ya gurudumu la mipangilio, akaingia akazima `Auto-correction`. Yale maneno matatu ya kupendekeza juu ya kibodi akayaacha. Tofauti yake ni kubwa: sasa simu inapendekeza na mimi ndiye ninayegusa. Kwenye kamusi yangu binafsi akaweka "shikamoo" na kifupi chake "skm". Humo humo akakuta "kesgo", "asabte" na "bsoi". Nilikuwa nimeikatalia simu isizirekebishe, yenyewe ikaamini ndivyo ninavyoongea. Akazifuta moja moja huku anacheka peke yake.

Mwisho akanipa amri: anwani ya mpokeaji iandikwe baada ya barua kusomwa. Barua isiyo na anwani haiendi hata ukiikalia. Hapa ndipo ninaponung'unika, kwa sababu kwenye kujibu barua ya mtu anwani imeshakaa pale yenyewe, inabidi uifute kwanza, na nani ana moyo huo ndani ya daladala? Kuna kile kitufe cha kutendua kinachojitokeza ukishatuma, lakini hukaa sekunde chache tu. Mimi sekunde hizo nilikuwa natafuta nauli.

Yote haya nimeyajua kwa kuchelewa, maana kabla sijafika ofisini nilikuwa nimeshamtumia Mzee barua ya pili ya kumuomba radhi. Kutoka kwenye simu ile ile. Kichwa cha habari nilikusudia "Marekebisho". Kikaenda "Marejesho". Mhasibu akanipigia kuniuliza tunamrejeshea Mzee kiasi gani tena, na kwa idhini ya nani.

Ijumaa saa 4 asubuhi nikaenda mwenyewe, hela mkononi, taslimu. Mzee alikuwa kakaa nyuma ya kaunta, mashine inafotokopi vizuri kabisa. Alizihesabu mara mbili, akazitia kwenye droo. Kisha akatoa boksi la tishu, akalisogeza mbele yangu taratibu.

"Haya mwanangu," akasema, "anza. Nimefunga duka la jirani wasisikie."