Lugha Usiyoijua Nayo Inakukatiza

Ofisi ninamofanyia kazi ya kuhariri, hapa Ngamiani, Tanga, imepakana na duka linalopiga taarabu kutwa nzima. Wiki hii mwenzangu amenishauri nivae hedifoni nisikilize nyimbo za Kihindi, kwa kuwa eti lugha usiyoijua haikusumbui. Ushauri huo umeenea mno, na unawaumiza watu wanaoishi kwa kuandika.

Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwaonyesha watu herufi wazikumbuke kwa mpangilio, huku wakisikilizishwa Kijerumani wasichokielewa, na bado walikosea zaidi kuliko walipokuwa kwenye ukimya. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa kupunguza sauti nako hakusaidii sana, kwa sababu kinachovuruga ni jinsi sauti inavyobadilika kila mara, na maneno ya binadamu hubadilika kwa kila silabi.

Chukua sentensi ya mkataba: "Mpangaji hatapangisha eneo kwa mtu mwingine isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba." Ili nihakikishe kwamba inalingana na kifungu cha 4, sina budi kuishika yote kichwani, kwa ile sauti ya ndani, huku nikipandisha ukurasa. Mwimbaji akiingia katikati, ninafika kifungu cha 4 nikiwa nimebaki na "idhini" tu, neno "maandishi" limeshapotea, na ninalazimika kurudi chini kusoma upya. Ukijiona unarudia mstari uleule, basi muziki wako haukufai, hata kama unaupenda sana.

Mimi nasikiliza bashrafu, kile kipande cha ala tupu kinachofungulia onyesho la taarabu ya asili. Fidla, udi, ganuni na nai hufuata kwa pamoja mkondo mmoja wa sauti, na kila baada ya sehemu mpya hurejea kiitikio kilekile, hivyo sikio linajua kinachokuja na halishtuki. Taksimu, kile kipande anachobuni mpigaji mmoja papo hapo, siiweki, ingawa nayo haina maneno, maana mpigaji hunyamaza, kisha huibuka ghafla na jambo jipya, na mkono wangu husimama juu ya kibodi. Nyimbo mashuhuri zilizopigwa kwa ala tupu nazo naziepuka: kwa mtu aliyekulia Tanga, fidla ikianza tu, kichwa kinamalizia beti zote chenyewe.

Nakubali kwamba ukimya unaishinda hata bashrafu, lakini ukuta wangu hauniruhusu kuupata. Nakubali pia kwamba anayepanga mafaili au kupunguza ukubwa wa picha anaweza kusikiliza wimbo wowote autakao.

Jambo moja la kiutendaji: katika albamu nyingi, bashrafu hufuatwa na wimbo wenye mwimbaji. Itoe peke yake, uiweke ijirudie, na sauti iwe ya chini kiasi cha kufunika duka la jirani tu.