"Lete ushahidi" si jibu

Tangu Jumamosi naulizwa swali moja na watu ambao hata si wanachama: kwa nini hatukumfukuza chamani yule mama aliyedai mbele ya kikao kwamba pesa zetu zimeliwa? Basi niandike mara moja, nisirudie kila nikipita barazani.

Kikao chetu hapa Shela hukaa baada ya Alasiri. Tuko wanawake 20, kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa mwezi. Mweka hazina alikuwa bado anafungua daftari, mwenzetu mmoja akasimama: "Pesa zetu zimeliwa, na aliyekula tumekaa naye hapa." Hana karatasi, hana tarehe. Mweka hazina akaanza kulia. Mimi ni katibu, na nakiri kalamu ilinitetema. Nilitaka atozwe faini ya matusi papo hapo.

Wengi wakapaza sauti: "Lete ushahidi!" Wakaongeza kwamba mweka hazina ni mcha Mungu na mtoto wa watu. Hapo ndipo nilipokereka zaidi kuliko kwa ile tuhuma yenyewe. Ushahidi autoe wapi? Daftari analo mweka hazina, laini ya simu inayopokea michango ni ya mweka hazina, na risiti za benki zimo mkobani mwake. Najua kwa kadhi anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na ni haki, kwa sababu huko mtu anataka mwenzake ahukumiwe. Lakini aliyeshika amana ya watu anadaiwa hesabu hata na asiyejua kuuliza kwa adabu. Na kumsifu mtu tabia hakuhesabu hata shilingi moja. Ukimtetea kwa sala zake, mwenye shaka anatoka na shaka ileile, sasa ina hasira juu yake.

Mwenyekiti, Mungu amjaalie, hakupandisha sauti. Alimwambia, "Dada, neno la kula tuliweke kando kwanza. Ni kiasi gani unachokiona hakipo?" Yule mama akataja: miezi 9, watu 20, ni 90,000, na juzi kasikia ziko 66,300. Kumbe alikuwa na hesabu! Mwenyekiti akaniambia niandike hivi: mwanachama anauliza zilipo shilingi 23,700. Nisiandike wizi. Mweka hazina akaombwa asijibu kitu siku ile, kwa maana anayejieleza huku analia hukosea tarehe, na kosa la tarehe kesho litaitwa uongo. Daftari, risiti na kadi za wanachama zikakabidhiwa watu wawili wasio viongozi, mmoja kachaguliwa na yule mama mwenyewe. Michango ya wiki ile niliipokea mimi mbele ya mwenyekiti. Wapo walioona huko ni kumdhalilisha. Mimi naona tulimkinga: pesa isiyopita mkononi mwake haiwezi kuzushiwa.

Wale wawili walianza na kadi zetu, wakazilinganisha na daftari, ndipo wakaenda kwenye taarifa ya M-Pesa. Waliitaka taarifa kamili, kwa kuwa ujumbe mmoja mmoja unaweza kufutwa. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu laini ile ina pesa za chama, za samaki wa mumewe na za karo. Hilo ni kosa letu sote, tuliliridhia.

Wakakuta michango 7 haijalipwa, 3,500. Mikopo iliyoko nje, 16,000. Haina riba, basi hakuna cha kuongeza. Rambirambi tuliyoipitisha wenyewe, 3,000. Ada za kutoa pesa, 350. Zikabaki 850 zisizo na karatasi yoyote.

850 ni nauli za mashua kwenda benki mjini na kurudi. Nahodha gani wa hapa atakukatia risiti?

Jumamosi iliyofuata yote yalisomwa mbele ya watu walewale, pamoja na hizo 850, ingawa wengine walitaka tuzifunike. Zingefunikwa, zingekuja kufufuka zikiwa elfu nane. Tukazipitisha kwa kura. Kisha mwenyekiti akamgeukia yule mama: neno ulilisema hapa, liondoe hapa. Akaliondoa, kwa sauti ndogo mno kuliko ya wiki iliyopita, lakini nimeliandika. Faini sikuipata. Lau wale wawili wangekuta pesa imekwenda kweli, mkutano uleule ndio ungeamua, na mwenyekiti angetumia sauti ileile.

Laini mpya ya chama tumeshaisajili, na tumenunua kidaftari cha nauli ambacho kila safari hutiwa saini na mwanachama aliyemsindikiza mweka hazina benki. Safari ya kwanza alisindikizwa na yule mama. Amerudi analalamika nauli ni ghali.