Ndevu za Mama

Mimba niliibeba mimi. Uchungu niliusikia mimi. Halafu Kadogo wangu alipoanza kuongea, neno la kwanza likawa "baba", la pili "baba" tena, na la tatu, nilipombeba kwa furaha nikingoja zamu yangu, likawa "shusha".

Nilivumilia mpaka alipofika miaka miwili. Jioni moja niliporudi kazini niliingia chumbani kumlaza. Akashuka kitandani, akaniwekea viganja viwili mapajani, akanisukuma taratibu mpaka nje. "Mama nenda. Baba." Akafunga mlango. Nilicheka kwa sauti ili wasikie kwamba nacheka, kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasisikie kinachofuata.

Kutoka hapo nikawa jasusi katika nyumba yangu mwenyewe. Niligundua kwamba baba mtu ana utaratibu haugeuki. Anakohoa mara mbili mlangoni, anazima taa, analala chali, na Kadogo anamsugua ndevu mpaka usingizi umchukue. Nikajisemea, kumbe ni hivyo tu?

Usiku wa pili nilimwambia mume wangu akae sebuleni. "Hata nyumba ikiungua, usije." Nikavaa shati lake aliloshinda nalo, nikajipulizia manukato yake, nikavua hereni. Nikazima taa, nikakohoa mara mbili, nikajilaza.

Kadogo akajisogeza mkononi kwangu, akavuta harufu ya shati, akatulia. Jamani, nilikaribia kulia kwa raha. Kisha kale kakono kakaanza kupanda. Shingo, kidevu, kakasimama. Kakaenda shavu la kulia, kakarudi la kushoto.

"Ndevu wapi?"

Nikakaza sauti ya kiume. "Zimelala."

Kimya. Halafu, "Ziamshe."

Nilipapasa chini ya kitanda kama mtu anayezama, mkono ukaangukia brashi. Ya viatu, Mungu anisamehe. Nikaibandika kidevuni. Kadogo akaisugua, akafikiri, akaisugua tena, na pumzi zake zikaanza kuwa ndefu. Nimeshinda! Wakati huohuo unywele mmoja wa brashi ukaniingia puani.

Chafya yangu haiwezi kuigizwa. Ni tatu mfululizo, na ya mwisho ina mlio kama wa filimbi. Kadogo akaruka akakaa.

"Mama!"

Nikafumba macho kungoja kilio. Badala yake akaangua kicheko, akatimua mbio sebuleni: "Baba! Mama ana ndevu!"

Taa ikawashwa. Mume wangu alinitazama vizuri: shati lake, mikono yake ikinining'inia, brashi mkononi, kidevu cheusi kwa rangi ya viatu. "Mama Kadogo," akasema, "ulitaja moto tu. Hili hukulitaja."

Tulicheka wote, ila mimi katikati ya kicheko nikajikuta nalia kweli. Nikamweleza habari ya mlango na bomba. Maskini, alikuwa hajui. Kila Kadogo alipolia mikononi mwangu, yeye alikuwa anakimbilia kumchukua, akidhani ananipumzisha. Tulipoyapanga hivyo usiku ule ndipo nilipoona: mtoto alishajifunza kwamba akilia dakika moja baba anatokea, na kwamba mama ni mtu ambaye unaokolewa kutoka kwake. Nami sikuwa mwema. Nikikataliwa nilinuna, nikageukia simu yangu, kana kwamba tumegombana watu wazima wawili.

Tukakubaliana kuoga kuwe kwangu mwanzo hadi mwisho, na baba hata akiitwa vipi asiinuke kwenye kochi. Siku ya kwanza alilia mpaka maji yakapoa. Sikumbembeleza kwa ahadi wala sikununa (hilo la pili ndilo lilinitoa jasho). Nilimwambia tu, "Unamtaka baba, najua. Yupo sebuleni. Leo tunaoga na mama." Siku ya tatu alilia kwa kuchungulia kama namtazama. Siku ya tano aliishia kulalamika mlangoni, kisha akaniuliza kopo lake liko wapi.

Brashi tuliiosha mara tatu, maana aliidai kila siku.

Wiki ilipoisha alilala katikati yetu. Kakono kakapanda kwenye ndevu za baba yake, kakazisugua kidogo, kakazisukuma pembeni.

"Sitaki hizi. Za mama."

Mume wangu akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akageukia ukutani. Baada ya muda akainuka, akatoka kwa kunyata, na mimi huku nimeshikilia brashi kidevuni nikasikia bomba la bafuni linafunguliwa.