Nilipoombewa kifua kikuu ghalani

Jumanne iliyopita ndoo ya waridi iliniponyoka mkononi. Maji yake, baridi kama ya Limuru mwezi wa saba, yakamwagikia viatu vya mzee mmoja Mholanzi ninayefanya naye kazi hapa kwenye ghala la maua Aalsmeer, Uholanzi. Mzee akaruka, akapaza sauti: "Tering!" Halafu akainama, akaokota maua pamoja nami, akaniuliza kama nimeshakunywa kahawa.

Tering ni kifua kikuu. Ni jina lake la zamani, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuisha kidogo kidogo, jinsi mgonjwa anavyokonda mpaka anabaki macho. Kwa hiyo mzee alimwagiwa maji, naye akataja tibii.

Mimi ni mtu wa Kariobangi. Baba yangu mdogo alikunywa dawa za tibii, zile za miezi sita zinazogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na hakuimaliza hiyo miezi sita. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nikilisikia neno hilo na moyo unadunda. Sasa nimezoea, na kuzoea kwenyewe ndiko kumenifanya niandike. Nataka tuzungumze kuhusu vitu vitatu ambavyo kwetu Nairobi tunavitupa vyote kwenye kapu moja na kuviita "matusi".

Sikilizeni jinsi hawa watu wanavyolitumia neno lao. Ukimwambia mtu "krijg de tering", umemwambia apatwe na kifua kikuu. Hilo ni apizo. Halisemi yeye ni nani, linaomba jambo limfike. Ukimwita "teringlijer", yaani mwenye kuugua kifua kikuu, hapo huombi chochote, umempa jina. Hilo ni tusi. Na ukijigonga kidole cha mguu usiku, nyumba nzima imelala, ukasema "tering!", hujamwapiza mtu wala kumtukana. Umepumua tu kwa neno chafu. Mwalimu wangu wa Kiswahili darasa la saba angekiita kihisishi, kisha angekichapa.

Ugonjwa mmoja, kazi tatu. Kinachozitofautisha ni umbo la sentensi na mahali macho yalipoelekea. Apizo lina kitenzi na lina ombi. Tusi ni jina linalobandikwa, na lazima awepo wa kubandikwa. Kihisishi hakina mlengwa, na ndiyo maana unaweza kukisema peke yako gizani. Jaribuni kumtukana mtu gizani hali hayupo, mtajiona wajinga.

Mzee wangu wa ndoo alikuwa akitazama viatu vyake. Hakunitazama mimi. Kama angeniinulia macho na kuongeza herufi chache mwishoni mwa neno lilelile, ningekuwa na haki ya kwenda kwa msimamizi. Wiki chache kabla ya hapo kijana mmoja wa magari ya kuvuta maua alimwita mwenzake teringlijer, akimkazia macho, na wakaitwa ofisini wote wawili. Hata sheria yao inaujua mpaka huo: kifungu cha 266 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumtukana mtu kwa makusudi, na cha 267 kinaongeza adhabu ikiwa uliyemtukana ni mtumishi wa umma aliye kazini, kwa mfano polisi. Lakini pancha ya baiskeli yako unaweza kuitolea neno lolote, polisi akiwa pembeni anakusikiliza, na akakusaidia kutafuta pampu.

Kuna jambo jingine lililonichekesha. Ukiingiza kineno kimoja katikati, ukasema "krijg nou de tering", apizo linageuka kuwa mshangao: "Lo, siamini macho yangu!" Mtu anakutana na rafiki waliyepotezana miaka kumi, anamkumbatia, na anayoyasema ukiyatafsiri neno kwa neno ni kwamba apatwe sasa na kifua kikuu.

Imewezekanaje? Nadhani ni kwa sababu meno ya neno yameng'oka. Wanawaombea watu ndui pia, ilhali ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Unamwombea mtu ugonjwa ambao hauwezi kumpata hata akiutafuta kwa tochi. Na pale ambapo ugonjwa bado unaua, wenyewe wanasita. Neno la saratani, kanker, vijana wanalitumia sana, hata kusifia chakula, lakini litamke mbele ya mtu mzima uone uso unavyobadilika. Kila familia ina mtu aliyezikwa kwa ajili ya hilo.

Najua mnachotaka kusema. "Mtu wa majuu ameanza. Anaosha ndoo Ulaya, sasa anatufundisha kutukana." Haya, ndoo naziosha, na maua yenyewe yametoka Naivasha, kwa hiyo msidhani nimeenda mbali. Sisemi Waholanzi ni wastaarabu kuliko sisi. Watu wanaotaja jeneza kila mlango unapokwama hawawezi kunifundisha ustaarabu. Ninachosema ni kwamba nimelazimika kuja huku ndipo nielewe kitu cha kwetu.

Kwetu laana haijafa. Tusi tunalicheka. Marehemu Kibaki aliwaita watu pumbavu jukwaani akiwa rais, na nchi nzima ikaangua kicheko, tukaiga na sauti yake. Makanga anakutukana kutoka Kencom mpaka unaposhukia, unamrudishia, abiria wanachagua upande, na unashuka ukiwa umechangamka kuliko ulivyopanda. Tusi linajibika. Ukiniita mbwa, nami nitakuita fisi, tuko sawa. Lakini bibi kizee aliyenyimwa kiti kwenye matatu hiyohiyo akisema taratibu, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, na wewe utazeeka," gari zima linanyamaza. Hakuna neno chafu hapo, hata moja. Na makanga atamtafutia kiti, mtaona.

Apizo halitegemei uchafu wa neno. Linategemea anayelisema ni nani, amedhulumiwa kiasi gani, na ana haki gani juu yako. Ndiyo maana Wakikuyu wana kirumi, laana ya mzazi, na watu wa pwani wana halbadiri ya kumsomea mwizi asiyejulikana. Ndiyo maana pia laana ina dawa. Inatenguliwa: mzee anaitwa, mbuzi anachinjwa, mate yanatemwa, radhi inatolewa. Tusi halitenguliwi, linaombewa msamaha tu. Na kihisishi hata msamaha hakihitaji, isipokuwa kama kuna watoto chumbani.

Mfano mkubwa kuliko yote haukuwa na maneno. Machi 1992, Uhuru Park, kwenye kona tunayoiita Freedom Corner, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa wakifunga chakula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, wakidai wana wao. Polisi wakaja na marungu na gesi ya machozi. Baadhi ya wale kina mama, watu wazima, wakavua nguo mbele ya askari. Mgeni angeona uchafu. Mholanzi wangu labda angeona kihisishi cha mwili. Lakini wale askari walikuwa watoto wa mama zao, na walijua kusoma: mama akikuonyesha uchi wake kwa hasira, amekulaani. Wakageuza nyuso. Silaha hiyo haikuwa na kitenzi wala jina, na ilikuwa apizo kamili, kwa sababu ilitoka kwa mwenye haki ya kuapiza.

Basi hapo kifua changu kinavimba, halafu nafungua simu na kinashuka. Maana sisi wenye laana nzito hivi, mtandaoni tumeshindwa kutofautisha chochote. Mtu akikuambia hesabu zako za harambee hazijumliki, "amenitusi." Ukimuuliza mheshimiwa barabara iko wapi, "matusi kwa viongozi." Tusi linasema wewe ni nani, na hesabu inasema ni ngapi. Hizo si ndugu.

Na nyinyi mnaosema Kiswahili chetu hakina mchezo huu wa maneno kupoteza meno, sikilizeni midomo yenu. "Ushindwe!" Hilo lilikuwa apizo la ibada, alikuwa akiambiwa shetani kwa jina la Yesu. Leo Nairobi mtu anaambiwa ushindwe kwa kumaliza chapati. Neno lile la matusi ya mama, silitaji kwa sababu dada zangu wanasoma, vijana wanalitoa wakikosa goli, hawana mama wa mtu akilini. Na "nyoko" limekwenda njia ya kinyume: zamani lilikuwa na maana ya "mama yako" tu, neno safi la nyumbani. Likabaki kwa wagombanao peke yao, likawa tusi lenyewe. Uchafu hauko kwenye herufi.

Hata kile kiapo cha Kiholanzi kinachosikika kila kona, "godverdomme", asili yake ni mtu kujiapiza mwenyewe: Mungu anilaani. Ndugu yake kwetu ni yule muuzaji wa Gikomba anayesema "Mungu aniue, bei ya kununua ni mia nne." Tofauti ni kwamba wa Gikomba bado unamtazama kidogo, ukisubiri uone.

Juzi nilikuwa nikizungumza na mama kwa simu, nikikaanga vitunguu. Mafuta yakanirukia mkononi, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema "tering!"

"Umesema nini?"

"Hakuna, mama. Ni neno la huku."

"Lina maana gani?"

Siwezi kumdanganya mama. Nikamwambia ni kifua kikuu. Akanyamaza kidogo, nikajua anamfikiria shemeji yake.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama. Nimeungua na mafuta."

"Sasa mafuta na kifua vinahusiana nini?" Nikaanza kumweleza habari za kihisishi, apizo na tusi, mpaka vitunguu vikaungua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia niseme "ushindwe" mara tatu, yeye akiwa bado kwenye laini, na hakuwa akitania. Nikasema.

"Na Jumapili nitakuombea kanisani," akasema. "Hicho kifua kipimwe."