Kilomita 97,412 za gari niliyoikataa kuiandika hivyo

Kazi yangu kwenye yadi hapa Dar ni kupokea magari, kuyapiga picha na kuandika maelezo yanayokaa chini ya picha. Maelezo mengi ya magari ya mkononi mjini hapa yanafanana: injini safi, gia safi, AC inapuliza, haidaiwi, njoo na hela yako. Mnunuzi akimaliza kuyasoma hajui kitu. Naamini kapsheni ya gari ndiyo ahadi ya kwanza ya muuzaji, na inayoficha ubovu unaojulikana ni wizi, hata kama kila sentensi iliyomo ni kweli.

Nitaeleza kwa gari moja. Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, namba D, iliyoletwa na mmiliki wake tumuuzie kwa kamisheni mwaka 2025. Dashibodi ilisoma kilomita 97,412. Mwenye gari alitaka namba hiyo ikae juu kabisa ya tangazo, kwa sababu IST iliyo chini ya laki moja haikai wiki.

Nikaomba makaratasi yote. Ndani ya faili kulikuwa na cheti cha Japani cha kutoa gari nje ya nchi. Wengi hukitupa baada ya usajili, lakini sehemu ya maelezo ya ziada mara nyingi huwa na kilomita zilizosomwa gari ilipokaguliwa kule. Hiki kiliandika 112,000, na gari iliingia nchini 2015. Halafu nikafungua boneti. Pembeni, karibu na betri, kulikuwa na kadi ya kubadilisha oili imefungwa kwa waya, imeloa grisi, ya mwaka 2021. Mwandiko wa fundi: 166,300.

Kutoka 112,000 mpaka 166,300 ni kilomita 54,300 kwa miaka 6, yaani kama 9,000 kwa mwaka, kiasi cha kawaida kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi. Ukiongeza miaka 4 iliyofuata kwa mwendo uleule unafika kwenye 200,000. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia, na usukani umeng'aa pale mkono unaposhika. Gari ya 97,000 haifanani hivyo. Mwenye gari alisema aliinunua ikiwa hivyo, na sina sababu ya kumwita mwongo. Ila namba ilirudishwa, na mimi sasa najua. Kuiandika bila neno ningekuwa nimeirudisha mimi mwenyewe.

Neno jingine linalonikera ni "imekaguliwa". Imekaguliwa na nani, lini, na alitazama nini? Ukaguzi wa Japani kabla ya kupakiwa melini unaeleza hali ya gari siku ile; miaka 10 baadaye ni historia tu. Stika ya Nenda kwa Usalama inahusu usalama barabarani, breki, taa, matairi, wala haisemi injini inakula oili kiasi gani. Kwa hiyo kila ukaguzi niliutaja kwa tarehe yake na mipaka yake, kisha nikampa fundi wetu gari asubuhi moja nzima.

Alikuta mambo matatu. Linki za stebilaiza na bushi za mbele zinagonga kwenye matuta. Fenda ya mbele kulia ina puti. Sumaku inashika kila mahali, pale inateleza. La tatu ndilo kubwa: ikiwashwa ya baridi inatoa moshi wa bluu kwa sekunde kama 10, kisha unakata. Moshi wa namna hiyo kwa kawaida ni sili za valvu zilizokauka, oili inashuka taratibu usiku na kuungua ukiwasha. Ungeendelea gari ikivuta mlima tungesema ringi, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Tofauti hiyo mnunuzi anastahili kuijua kabla hajapanda daladala kuja kwetu.

Kapsheni ikatoka hivi:

"Toyota IST 2004, injini 1NZ, otomatiki, namba D. Bei 9,200,000, maongezi yapo. KILOMITA: dashibodi inasoma 97,412, usiitegemee. Cheti cha Japani: 112,000. Kadi ya oili 2021: 166,300. Makadirio yetu ni karibu 200,000; makaratasi yapo uyaone. UBOVU: moshi wa bluu sekunde 10 ikiwashwa ya baridi, oili inapungua kama nusu lita kati ya sevisi, linki na bushi za mbele zimekwisha, fenda ya mbele kulia imepigwa puti na rangi. UKAGUZI: Japani kabla ya kusafirishwa, fundi wa yadi wiki hii, ripoti utapewa. Injini na gia havijafunguliwa kukaguliwa ndani. KUONA: bure, saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni, si usiku. Piga simu siku moja kabla, hatutaiwasha mpaka ufike. Njoo na fundi wako na kompyuta yake. Kuendesha dakika 25 pamoja na barabara ya vumbi, leseni hai. Hatupokei hela kabla hujaiona. Advansi 300,000, inarudi yote ndani ya siku 3 fundi wako akikuta ubovu usioandikwa hapa."

Sharti la kutoiwasha ndilo ninalolipigania kuliko yote. Muuzaji anayejua gari inatoa moshi huiwasha nusu saa kabla mteja hajafika, na moshi unakuwa umeshaisha. Ukienda kuona gari popote, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Halafu zungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, na izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, inawezekana mtu ameikata ili usione hitilafu.

Bosi wangu aliogopa. Aliniambia, "Mdogo wangu, hii gari unaiua mwenyewe." Nilimjibu kwamba hata kisheria tunajilinda: chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Lakini ukaguzi huo uwe wa kweli, gari ikiwa ya baridi na fundi akiwa huru kuingia chini. Akakubali tujaribu wiki 2.

Simu zilipungua, hilo sifichi. Waliopiga hawakuuliza "bei ya mwisho ngapi kaka", waliuliza sili za valvu ni shilingi ngapi. Siku ya 9 alikuja mama mmoja, mwalimu, na fundi wake, saa 1 na nusu asubuhi. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kutusalimia. Wakawasha, moshi ukatoka, akahesabu kwa sauti mpaka 8. Wakaenda vumbini wakarudi.

"Shikamoo za kwenu nimezipokea," mama akasema, "ila hamkuandika mkanda wa nyuma kulia. Nimeuvuta kwa nguvu, haukamati. Huko ndiko anakokaa mwanangu."

Alikuwa sahihi. Hakuna kati yetu aliyeujaribu. Nikatoa simu, nikaongeza mstari wa mkanda kwenye tangazo yeye akiangalia, na bosi akaagiza mkanda mwingine ufungwe kwa gharama ya yadi kabla gari haijatoka. Aliichukua kwa 8,700,000, na karatasi ya ubovu tukaiambatanisha na mkataba, yeye na sisi tukiwa tumesaini kila ukurasa. Sasa fundi wetu anaanza na mikanda yote 5 kabla ya kufungua boneti.