Stopu kwenye bei ya kuingilia: inalinda nini, inakata nini

"Kaka, mimi nikifika pipsi 30 nafunga nusu na kuhamisha stopu brekiiveni hapo hapo. Sipotezi sana, lakini akaunti haikui. Soko linagusa bei yangu, linanitoa, halafu linakwenda kule kule nilikotaka. Niache kufunga nusu?"

Kufunga nusu sikulaumu. Kinachokula akaunti yako, kwa maoni yangu, ni kufunga nusu na kuhamisha stopu kwa pamoja, dakika ile ile. Tuifuate tredi moja ya EURUSD hatua kwa hatua.

Umenunua loti 0.10 kwa 1.0850. Bonde la karibu limeishia 1.0824, kwa hiyo stopu umeiweka 1.0820, pipsi 30 chini. Kwa loti hiyo kila pipsi ni dola 1, maana yake umehatarisha dola 30. Shabaha ni 1.0940, chini kidogo ya kilele cha wiki iliyopita, pipsi 90 juu. Yaani unaweka rehani dola 30 ukitafuta 90.

Bei imepanda hadi 1.0880. Unafunga loti 0.05 na dola 15 zinaingia kwenye salio. Sasa simama hapo kidogo kabla hujagusa kitu kingine. Imebaki loti 0.05, stopu bado iko 1.0820. Soko likigeuka likaanguka hadi huko, nusu hiyo itapoteza pipsi 30 kwa senti 50 kila moja, yaani dola 15. Dola 15 zilizoingia, dola 15 zilizotoka. Tredi imeshakuwa haina hasara, na stopu hujaisogeza hata pipsi moja.

Hapo ndipo wengi tunapopitiliza. Tunafunga nusu, kisha tunahamisha stopu kana kwamba hatari bado ni ile ile ya mwanzo, kumbe ilishalipiwa. Kinga ya pili nayo ina gharama, tena gharama yake haionekani kwenye historia ya akaunti, kwa sababu tredi inajifunga kwa sifuri na inaonekana haijakudhuru. Kwenye mfano wetu, bei inatoka 1.0880, inarudi kupumzika hadi 1.0846, inageuka, inavunja 1.0880 na kwenda zake 1.0940. Mwenye stopu 1.0850 ametolewa na dola 15. Aliyeiacha 1.0820 anaondoka na 15 za nusu ya kwanza na 45 za nusu ya pili, jumla 60. Aliyeshikilia loti yote bila kufunga chochote anapata 90. Kilichowatenganisha wa kwanza na wa pili ni pipsi 4 tu za kurudi nyuma, na EURUSD hutembea pipsi 4 bila sababu yoyote.

Lakini nisikupe upande mmoja. Anayetetea kuhamisha stopu mapema ana hoja, na hoja yake inaonekana vizuri ukihesabu kwa shilingi inayorushwa. Chukua tredi 100 za namna hii ambazo soko halina upande. Tredi 50 zitagonga stopu kabla ya kufika pipsi 30, na 50 zitafika. Kati ya hizo 50 zilizofika, ukihamisha stopu hadi bei ya kuingilia, moja katika tatu itafika pipsi 90, yaani kama 17. Ukiiacha stopu mahali pake, nusu yake itafika, yaani 25. Umeshapoteza washindi 8. Ila wale 25 wengine wasiofika, ambao wangerudi hadi kwenye stopu ya chini, kwako wanaishia bei ya kuingilia, na ile dola 15 ya nusu ya kwanza inabaki yako. Ukijumlisha, njia zote mbili zinatoa sifuri kabla ya spredi. Hata ya yule asiyefunga chochote inatoa sifuri.

Maana yake ni kwamba stopu kwenye bei ya kuingilia haizalishi faida na haiiui yenyewe kwa yenyewe. Inabadilisha umbo tu: tredi zinazorudi hadi sifuri zinapungua, faida kubwa nazo zinapungua, na faida ndogo za dola 15 zinajaa. Kinachoamua ni tabia ya mfumo wako. Kama unaingia pale ambapo soko, likishakwenda pipsi 30 upande wako, huwa linaendelea baada ya kupumua, basi kila stopu ya haraka inakula ile ile faida inayokufanya utredi. Kama soko lako likishafika hapo huwa linarudi moja kwa moja, basi stopu ya haraka inakuokoa, na pengine hata shabaha ya pipsi 90 ni ndoto, ufunge yote kwenye 40.

Namna ya kujua ipo, na haihitaji programu. Rudi kwenye historia yako, chukua tredi 50 za mfumo mmoja, zile tu zilizofika umbali sawa na stopu yako ya mwanzo. Kwa kila moja tazama chati ya baadaye hata kama ulishatoka, uandike mambo mawili: ilifika shabaha ya mwisho bila kugusa stopu ya mwanzo, au la; na baada ya kufika umbali ule, kabla ya shabaha, ilirudi chini kabisa hadi wapi. Kisha tenga zile zilizofika shabaha. Kama nyingi kati yake zilipita chini ya bei ya kuingilia kabla ya kupanda, umeshamjua mwizi wako. Kama chache sana zilifanya hivyo, endelea kuhamisha stopu bila wasiwasi, kwa sababu haikugharimu kitu. Nimewaona watu wakibishana miezi juu ya jambo hili ilhali jibu limo kwenye historia zao wenyewe, na majibu yao hayafanani.

Kwa nini basi mkono unawasha kuhamisha? Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman waliandika juu ya wawekezaji kuuza mapema hisa zilizopanda na kung'ang'ania zilizoshuka. Bei tuliyonunulia inakuwa mpaka kichwani, juu yake raha, chini yake maumivu. Soko halina habari na mpaka huo. 1.0850 ni namba yako wewe. Wanaonunua na kuuza wanatazama lile bonde la 1.0824 na kilele cha 1.0880, na stopu inatakiwa ikae pale ambapo, ikiguswa, sababu yako ya kununua imekufa.

Kwa hiyo kwenye mfano wetu mimi ningefanya hivi. Nafunga nusu kwenye 1.0880, stopu siigusi. Bei inarudi 1.0846, natulia, maana nimeshalipiwa. Bei ikipanda tena na kendo ya saa moja ikafunga juu ya 1.0880, soko limenionyesha bonde jipya lililo juu ya lile la mwanzo. Sasa stopu nina sababu ya kuipandisha, naiweka 1.0842, pipsi 4 chini ya bonde jipya. Iko chini ya bei yangu kwa pipsi 8, na hilo halinisumbui: ikiguswa, nusu iliyobaki inapoteza dola 4, na ninabaki na 11. Bei ikitengeneza bonde jingine juu ya 1.0880, stopu inalifuata. Bei ya kuingilia naipita njiani kama kituo ambacho basi halisimami.

Zipo nyakati ambazo hata mimi nahamisha stopu haraka. Ya kwanza ni kabla ya takwimu za ajira za Marekani, zinazotoka saa tisa na nusu alasiri kwetu Afrika Mashariki, au saa kumi na nusu Marekani inapokuwa kwenye majira ya baridi. Hapo mabonde na vilele vya asubuhi havina uzito tena. Ya pili ni akaunti yenye kikomo cha hasara kwa siku, ambako tredi mbili zikirudi pamoja unafungiwa mlango. Mwenye akaunti hiyo hachezi mchezo wa wastani wa tredi 100, anacheza mchezo wa kubaki ndani leo.

Hata hivyo, usiipe stopu imani isiyostahili. Ni amri ya kufunga kwa bei itakayokuwepo, siyo kwa bei uliyoandika. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda 1.20 ya EURCHF, na stopu nyingi zilijazwa mbali sana na zilipowekwa. Nusu uliyoifunga tayari imo kwenye salio, hakuna pengo la bei linaloigusa. Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua kinga moja kati ya hizi mbili, nachagua kufunga sehemu.

Kuna tatizo jingine dogo linalowatoa watu wanaouza, nao wanamlaumu broka. Ukiuza unaingia kwa bei ya Bid, lakini stopu yako inaguswa na bei ya Ask. Chati ya MT5 kwa kawaida inachora Bid. Kwa hiyo ukiweka stopu sawasawa na bei uliyouzia, spredi ya pipsi 2 itakutoa wakati chati inaonyesha bado pipsi 2 hazijafika. Karibu na saa sita au saa saba usiku kwetu, New York inapofunga siku, spredi hupanuka, na tredi iliyolala na stopu ya namna hiyo inaweza kuondoka bila kendo kuonyesha chochote. Washa mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati uone mwenyewe.

Mwisho, ukubwa wa loti. Kama unatredi 0.01, hakuna nusu ya kufunga. Hiyo ndiyo ndogo kabisa kwenye akaunti nyingi. Una chaguo mbili, kuishikilia nzima kwa stopu inayofuata mabonde, au kuhamia kwenye akaunti ya senti ambako kiasi hicho hicho cha pesa kinagawanyika. Ukiwa na 0.02 au zaidi, fungua tredi kwenye MT5, punguza namba kwenye Volume, kisha bonyeza Close. Au, kama akaunti yako ni ya hedging, ingia tangu mwanzo na oda mbili za 0.05 badala ya moja ya 0.10, moja ikiwa na Take Profit 1.0880 na nyingine 1.0940, zote stopu 1.0820. Ya kwanza itajifunga yenyewe hata ukiwa kwenye daladala. Kwenye akaunti ya netting usijaribu hivyo, oda hizo zitaungana kuwa nafasi moja yenye stopu moja na shabaha moja, na utakuta nusu uliyodhani imefungwa bado iko sokoni.