Kabla ya Kumbishia Singer, Sema Kwanza Alichosema

Mpwa wangu anasoma shahada Arusha. Wiki iliyopita alinitumia picha za insha yake ya falsafa kwa majigambo yote, maana lekchara alimpa alama ya juu na kuandika pembeni kwamba "amejenga hoja". Swali lilimtaka apime hoja ya mwanafalsafa Peter Singer katika ile makala yake ya 1972 kuhusu njaa na utajiri. Niliisoma ndani ya kosta inayotoka Moshi, na tulipofika Boma Ng'ombe nilikuwa nimeshachemka. Kurasa nne za kumpinga mtu, na hakuna mstari hata mmoja unaosema huyo mtu amedai nini.

Nikampigia. "Mjomba, si kila mtu anamjua Singer?" akaniuliza. Kumbe shida ndiyo hiyo. Kila mtu anamjua Singer kwa ule mfano wake wa mtoto wa dimbwini: unapita, mtoto anazama, unaingia kumtoa, nguo zinachafuka matope. Wengine huongezea na viatu vya bei mbaya, ingawa katika makala ile ya 1972 zinazochafuka ni nguo. Viatu vimekuja baadaye katika kusimulia na kusimuliwa tena. Watu wanabishana na hadithi. Mpwa wangu aliandika aya nzima kwamba dimbwini mtoto anaonekana lakini Mbengali mwenye njaa kule mbali haonekani, halafu akatangaza kwamba hoja imeanguka. Imeanguka wapi? Kauli gani katika hoja ile inasema kwamba anayeteseka lazima aonekane?

Basi tuiandike, maana haichukui hata nusu ukurasa.

Singer aliandika mwishoni mwa 1971, wakati vita, umaskini na kimbunga vilikuwa vimewageuza wakimbizi mafukara watu wasiopungua milioni tisa huko Bengali Mashariki, Bangladesh ya leo. Kauli yake ya kwanza ni kwamba mateso na kifo vinavyotokana na kukosa chakula, makazi na tiba ni vibaya. Haitetei. Anasema karibu kila mtu ataikubali, na asiyeikubali hana haja ya kuendelea kusoma. Kauli ya pili ndiyo moyo wenyewe: tukiwa na uwezo wa kuzuia jambo baya lisitokee, bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, basi tunapaswa kulizuia. Hitimisho ni kwamba watu wa nchi zenye nafasi wanapaswa kutoa kwa ajili ya njaa ile, tena kutoa sana. Angalieni hapo: *wanapaswa*. Hasemi kwamba kutoa ni jambo zuri la kupongezwa kanisani siku ya harambee. Anasema asiyetoa amekosea. Mpwa wangu aliandika kwamba "Singer anatuhimiza tuwe wakarimu". Ukimwandika hivyo umemuua kabla ya kumjibu, kwa sababu makala nzima inapigana na wazo kwamba kutoa ni ukarimu wa hiari.

Na lile dimbwi liko wapi? Halimo kati ya kauli za hoja. Ni mfano wa kutufanya tuikubali kauli ya pili. Unaweza kuukataa mfano na kauli ikabaki imesimama, na unaweza kuupenda mfano sana na kauli ikawa ya uongo. Mtu anayeshambulia mfano bila kueleza kauli ya pili inadhurika vipi, amepiga kelele tu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nataka kulisemea hasa, kwa sababu ndilo linaloachwa na karibu kila insha niliyowahi kuiona.

Zichukue hizo kauli mbili na hitimisho, kisha jiulize: je, ninaweza kuwaza dunia ambamo zote mbili ni za kweli na bado hitimisho ni la uongo? Hilo ndilo jaribio. Hujaulizwa bado kama unakubali chochote. Unaulizwa tu kama hitimisho linabebwa. Na jibu ni ndiyo, dunia hiyo inawazika kirahisi. Waza dunia ambamo njaa ni mbaya, na wenye uwezo wa kuizuia wanapaswa kuizuia, ila pesa zote zinazotumwa zinazama baharini. Hapo hatuna uwezo wa kuzuia chochote kwa kutuma pesa, kwa hiyo hatuwajibiki kutuma. Kauli ziko sawa, hitimisho limeanguka. Maana yake kuna kauli Singer anaitegemea ambayo hatujaiandika: kwamba kwa kutoa tunaweza kweli kuzuia mateso, na kwamba tunachokitoa hakina uzito unaolingana na mateso hayo.

Wengi wakishaiona premisi hii iliyojificha, yaani kauli ambayo hoja inaibeba kimyakimya, wanashangilia, halafu wanaiandika vibaya. Mpwa wangu nilipomwonyesha alipaa hewani: "Basi kaanguka! Misaada si inaliwa na wakubwa?" Akaiandika hivi: kila shilingi ya msaada inamfikia mwenye njaa. Hongera sana. Kauli hiyo mtoto wa darasa la tano anaibomoa. Lakini nani kasema Singer anaihitaji? Ukimjazia mtu premisi ambayo hakuisema, unatakiwa umpe ile dhaifu kuliko zote inayotosha kubeba hitimisho. Kwa nusu ile ya kwanza, inayotosha ni hii: ipo angalau njia moja ya kutoa ambayo inazuia sehemu ya mateso. Njia moja tu. Ukitaka kuibomoa hiyo, haikutoshi kutaja mradi uliokufa na Landkruza za bosi. Itabidi uonyeshe kwamba hakuna njia hata moja duniani: hakuna chanjo iliyowahi kumfikia mtoto, hakuna gunia la unga lililowahi kupikwa. Nani yuko tayari kusema hivyo kwa mdomo wake?

Simtetei Singer hapa, kwa taarifa ya wale wataokuja kuniambia nimetekwa na wazungu. Ninachosema ni kwamba pingamizi la ufisadi, ambalo kwetu ndilo la kwanza kutoka mdomoni, lina nguvu dhidi ya kauli ambayo yeye haihitaji, na nguvu kidogo sana dhidi ya ile anayoihitaji. Hilo huwezi kuliona mpaka uziandike zote mbili, moja chini ya nyingine, kwa kalamu.

Pingamizi la "Singer ni tajiri, hajui njaa" halimgusi popote. Ruka.

La "tukitoa hivyo sote tutakuwa maskini" linagusa, ila wengi hawajasoma breki iliyomo ndani ya kauli ya pili yenyewe. Inasema *bila kupoteza kitu chenye uzito unaolingana*. Ukifika mahali ambapo kutoa zaidi kunawatesa wanao kiasi kilekile unachokizuia kwingine, kauli inakuacha huru. Kweli, hapo ni mbali sana, na Singer mwenyewe anajua ni mbali. Ndiyo maana anaweka pia toleo la pili, jepesi zaidi, linalokudai tu pale usipopoteza kitu chochote chenye maana kimaadili. Anadhani lile zito ndilo sahihi, lakini anasema hata jepesi lingetosha kubadili maisha yetu kabisa. Kwa hiyo anayepinga lile zito peke yake kaacha nusu ya kazi.

Nakubali, shingo upande, kwamba mchezo huu wa kuandika kauli una hatari yake. Nimekutana na vijana wanaoweza kuikatakata makala yoyote kwa namba na hawakumbuki tena kwamba ilikuwa inazungumzia watu wanaokufa. Na yule lekchara ana insha mia mezani, simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Lakini ona faida yake. Ukishaiandika hoja, unaanza kuona mahali ambapo sisi wa huku tungeweza kubishana naye kwa kweli, na hapo hapahusiani na ufisadi wala rangi. Ni pale kwenye "uzito unaolingana". Chukua michango ya harusi. Hakuna mtu Moshi asiyezijua kadi zile: laki moja kwa mtu mmoja, laki na nusu kwa wawili, na mweka hazina wa kamati anakupigia hadi ofisini. Kwa macho ya Singer, laki yako ikienda kwenye pilau na keki wakati ingeweza kumtibu mtoto, hujapoteza kitu kinacholingana ukiikata. Mpwa wangu anasema hapana: mchango si starehe. Ni deni. Wao walichanga kwako, nawe unawachangia wao, na siku ya msiba ni watu haohao watakaobeba jeneza. Ukijitoa kwenye mzunguko ule umevunja ahadi, hujabana matumizi tu.

Hilo ni pingamizi lenye kichwa na miguu, na uzuri wake ni kwamba Singer ameliachia mlango. Akifafanua maneno yake anasema kitu unachokipoteza kinaweza kuwa kusababisha baya lingine, au kutenda jambo lililo kosa kwa lenyewe, au kushindwa kuendeleza jema fulani, alimradi uzito wake unalingana. Kuvunja ahadi kwa ndugu kunaweza kuingia humo. Kwa hiyo pingamizi la mpwa wangu haliigusi kauli ya pili hata kidogo. Linaigusa ile premisi iliyojificha, nusu yake ya mwisho, ile inayosema tunachokitoa hakina uzito wa kutosha. Yeye alidhani anampinga Singer juu ya wajibu. Kumbe wanakubaliana juu ya wajibu, wanatofautiana juu ya thamani ya mchango.

Nami bado sijashawishika naye. Deni ni deni, sawa, lakini ukumbi wa bei ile na MC wa bei ile havimo kwenye deni. Nimemwambia aandike upya, na safari hii kauli yake aiweke wazi kama premisi, kwa maneno yake, bila kujificha nyuma ya "utamaduni wetu": kwamba kukosekana kwenye orodha ya kamati kuna uzito sawa na uhai wa mtoto asiyemjua. Akiweza kuiandika sentensi hiyo na kuweka jina lake chini yake, nitakaa naye tubishane hadi usiku.